Wimbo Mmoja Ndani ya Kelele

Mwezi Agosti mwaka 2002, watu wa Uingereza walipewa namba fupi ya simu ya kupiga: 2580. Ukiangalia vitufe vya simu ya zamani utaona kwa nini ilichaguliwa. Ni safu ya katikati, kutoka juu kushuka hadi chini, kwa hiyo hata aliyekuwa kwenye giza la klabu aliweza kuibonyeza bila kuangalia. Ulipiga, ukaielekeza simu kwenye spika, ukangoja. Baada ya muda simu ilikatika yenyewe, na punde ukaingia ujumbe mfupi wenye jina la wimbo na la aliyeuimba.

Wakati huo simu za kugusa kioo na programu za kupakua zilikuwa bado hazijaenea. Sauti ilipita kwenye laini ya kawaida ya simu, ile ambayo hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi na kuacha mengine yote. Yaani besi nzito ilibaki klabuni, na mlio mwembamba wa matoazi vilevile. Juu ya hayo, mtandao wa simu ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya watu kuongea, si kwa ajili ya muziki, hivyo uliibana sauti kwa namna iliyoharibu hata kile kilichosalia. Bado jibu lilikuja, na mara nyingi lilikuwa sahihi.

Huduma hiyo ni Shazam, ambayo sasa iko mikononi mwa Apple tangu mwaka 2018. Waanzilishi walikuwa wanne, na mmoja wao, Avery Wang, aliyesomea uhandisi wa sauti Chuo Kikuu cha Stanford, ndiye aliyeachiwa swali gumu. Mwaka 2003 aliandika makala fupi ya kitaalamu akaeleza namna alivyolijibu. Ninayoyasimulia hapa yanafuata makala hiyo, kwa sababu ni mojawapo ya kazi chache za uhandisi ambazo mtu asiye mhandisi anaweza kuzifuata hatua kwa hatua hadi mwisho.

Kwanza tuone ugumu wenyewe. Sauti iliyorekodiwa kidijitali ni mfululizo wa namba. Kwa ubora wa simu, kila sekunde ina namba 8,000, na kila namba inaeleza hewa imesukuma maikrofoni kiasi gani kwa chembe hiyo ya muda. Sekunde kumi ni namba 80,000. Mtu angedhani inatosha kuzichukua namba hizo na kuzitafuta ndani ya rekodi halisi, kama unavyotafuta neno kwenye maandishi. Haiwezekani. Mtu akicheka karibu na simu, kila namba inabadilika. Ukisogea hatua mbili kutoka kwenye spika, zinabadilika tena. Mwangwi wa ukuta unaongeza wimbi lake juu ya wimbi la muziki. Kati ya namba 80,000 za simu yako na 80,000 za rekodi ya studio, huenda isipatikane hata sehemu moja fupi inayofanana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha kuitazama sauti kama namba za msukumo, na kuitazama kama mchanganyiko wa masafa. Kompyuta inaikata sauti vipande vifupi sana, vya sehemu ndogo ya sekunde, na kwa kila kipande inakokotoa kuna nguvu kiasi gani kwenye masafa ya chini, ya kati na ya juu. Vipande vikipangwa kwa mfuatano unapata mchoro. Muda unakwenda kutoka kushoto kulia, masafa yanapanda kutoka chini kwenda juu, na penye nguvu nyingi panakuwa na weusi mzito. Wataalamu huuita spektrogramu. Sauti ya mwimbaji anayeivuta noti inaonekana kama mistari inayokwenda sambamba. Pigo la ngoma linaonekana kama mstari wima.

Mchoro huo bado una mambo mengi mno, na hapo ndipo Wang alipofanya uamuzi ulioibeba kazi yote. Aliutupa karibu mchoro wote. Alibakiza vilele tu: nukta ambazo nguvu yake inazidi ya majirani zake wote, kwa muda na kwa masafa. Kisha hata nguvu yenyewe akaitupa. Kwa kila nukta alihifadhi mambo mawili pekee, imetokea wakati gani na kwenye masafa gani. Hakuhifadhi kama ilikuwa na sauti kubwa au ndogo.

Ukifikiri kidogo utaona kwa nini uamuzi huo una nguvu. Spika mbovu inayokosa besi inabadilisha ukubwa wa kila noti, lakini haiihamishi noti kutoka masafa yake kwenda mengine. Ukiwa mbali na spika, kila kitu kinapungua, ila kilichokuwa kilele kwa kawaida kinabaki kuwa kilele mbele ya majirani zake. Na kelele? Kelele inaongezeka juu ya muziki, haiufuti. Mayowe ya watu yatazaa vilele vyao na kuvimeza vingine vya wimbo, lakini vile vikali zaidi vya muziki vitaendelea kuchomoza vikiwa palepale vilipokuwa. Anayekumbuka kila kitu angechanganywa na kelele hiyo. Mfumo huu unakumbuka kile tu ambacho kelele ni vigumu kukiondoa.

Kinachobaki ni karatasi nyeupe yenye nukta zilizotawanyika, na Wang mwenyewe aliiita ramani ya nyota. Chukulia kwamba ramani ya wimbo mzima imechorwa kwenye ukanda mrefu wa karatasi, na ramani ya sekunde zako kumi imechorwa kwenye plastiki inayopitisha mwanga. Weka plastiki juu ya ukanda na uitelezeshe taratibu. Karibu kila mahali nukta zitapishana ovyo, moja hapa na moja pale kwa bahati. Ukifika mahali penyewe, nukta nyingi zitakaa juu ya nukta kwa mara moja. Zitakuwepo za ziada kwenye plastiki, zilizoletwa na kelele, na nyingine za ukanda hazitakuwa na mwenzake. Haijalishi. Idadi ya zilizolingana itapanda ghafla, na jicho lolote lingeona.

Kwa wimbo mmoja kazi hiyo ni rahisi. Kwa nyimbo milioni moja, kuitelezesha plastiki juu ya kila ukanda kungechukua muda mrefu kuliko subira ya mtu yeyote. Inahitajika faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: unatafuta neno, unaambiwa kurasa. Lakini nukta moja ni neno dhaifu sana. Katika mfumo wa Wang masafa yamegawanywa ngazi 1,024. Ukiuliza “ni nyimbo zipi zenye nukta kwenye ngazi ya 256?” jibu ni kwamba zote zinayo, tena mara nyingi.

Alichofanya ni kuzifunga nukta mbilimbili. Kila nukta inachukuliwa kuwa nanga, na inaunganishwa na nukta chache, tuseme kumi, zinazotokea muda mfupi baada yake. Kila jozi inaandikwa kwa namba tatu: masafa ya nukta ya kwanza, masafa ya nukta ya pili, na muda uliopita kati yake. Kila moja ya namba hizo ina ngazi 1,024, na zikiunganishwa zinatoa anwani zaidi ya bilioni moja tofauti. Sasa swali la kwenye faharasa linakuwa kali: ni nyimbo zipi zenye nukta kwenye hezi 1,000, ikafuatiwa nusu sekunde baadaye na nukta kwenye hezi 1,400? Ni chache. Nyimbo zote zinapoingizwa kwenye seva kwa mara ya kwanza, jozi zake zote zinakokotolewa, na kwenye kila anwani unaandikwa wimbo husika pamoja na sekunde ambayo jozi hiyo inaanza. Kazi hiyo nzito inafanyika mapema, kabla hujatoa simu mfukoni.

Tufuate mfano mmoja, kwa namba za kubuni ambazo haziko mbali na hali halisi. Simu yako imesikiliza sekunde kumi ndani ya daladala iliyojaa, dereva kafungulia redio, kondakta anaita vituo. Programu imepata nukta 200. Kila moja ikifungwa na kumi zinazofuata, tunapata jozi 2,000. Nukta 60 tu ndizo za wimbo kweli; 140 ni za injini, honi na kondakta. Jozi inafaa kama nukta zake zote mbili ni za wimbo, na nafasi ya hilo ni tatu kwa kumi mara tatu kwa kumi, yaani tisa kwa mia. Basi jozi 180 ni za kweli na 1,820 ni takataka. Mfumo haujui zipi ni zipi. Unaziuliza zote.

Upande wa seva kuna nyimbo milioni moja, na kila mmoja, kwa kasi hiyo hiyo ya nukta, una jozi kama 36,000. Jumla ni jozi bilioni 36 zilizogawanyika kwenye anwani bilioni moja, kwa hiyo kila anwani ina majina kama 36 hivi. Jozi zako 2,000 zinarudisha majina 72,000 ya bahati nasibu. Yanaonekana mengi, lakini yametawanyika kwenye nyimbo milioni moja, hivyo wimbo wa kawaida haupati hata moja. Wimbo wa kweli umepata 180.

Katika muziki halisi mambo si sawasawa hivyo. Noti fulani zinapendwa kuliko nyingine, nyimbo ndefu zina jozi nyingi zaidi, na kinanda kinachorudia kipande kilekile kinaweza kujikusanyia majina mengi bila haki. Kuhesabu majina peke yake hakutoshi. Ndipo linapokuja jaribio la mwisho, ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote.

Kumbuka kwamba kila anwani imehifadhi pia sekunde. Tuseme jozi ile ya hezi 1,000 na 1,400 imesikika kwenye simu yako sekunde ya 3.0. Faharasa inasema wimbo A unayo kwenye sekunde ya 62.0, na wimbo B kwenye sekunde ya 15.4. Toa ya simu kutoka ya rekodi: A inatoa 59.0, B inatoa 12.4. Jozi nyingine imesikika sekunde ya 4.1, A inayo sekunde ya 63.1, B inayo sekunde ya 120.0. Tofauti ya A ni 59.0 tena, ya B sasa ni 115.9. Jozi ya tatu, sekunde ya 7.6 kwenye simu, A inayo sekunde ya 66.6. Ni 59.0 kwa mara nyingine.

Jozi za wimbo B ni za bahati, kwa hiyo tofauti zake zinaruka ovyo. Jozi za wimbo A zote zinatoka kwenye tukio moja, wimbo uleule ukisonga mbele kwa kasi ileile unayoisikia, kwa hiyo tofauti zote zinaangukia namba moja. Kompyuta inachora hesabu: kwa kila wimbo, ni jozi ngapi zimeangukia kila tofauti. Kwa B mchoro ni majani mafupi yaliyosambaa. Kwa A kuna mnazi mmoja uliosimama kwenye 59.0. Huo ndio uthibitisho, na si lazima uwe mrefu sana. Wang aliandika kwamba kuna wakati utambuzi ulifaulu ilhali asilimia 1 au 2 tu ya jozi ndizo zilizosalimika. Katika mfano wetu hizo ni jozi 20 hadi 40 kati ya 2,000.

Na hiyo 59.0 haipotei bure. Inasema kwamba ulianza kurekodi wimbo ukiwa umefika sekunde ya 59. Ndiyo maana programu inaweza kukuonyesha mashairi yakienda sambamba na mwimbaji: haijayasikia maneno yake hata kidogo, imejua tu saa ya wimbo inasema nini.

Kelele inaweza kuwa kubwa kiasi gani? Wang alijaribu kwa kuchanganya nyimbo na kelele zilizorekodiwa baa. Kwa sampuli za sekunde 15, nusu yake zilitambuliwa hata pale kelele ilipokuwa na nguvu mara nane ya muziki. Kwa sekunde 10, kiwango hicho cha nusu kilifikiwa kelele ikiwa mara nne. Kwa sekunde 5, mara mbili. Sauti ilipopitishwa kwanza kwenye mbano wa simu za mkononi za wakati ule, uvumilivu ulishuka, na hata sekunde 15 zilibeba kelele ya mara mbili tu. Unaona hapo kwa nini kuongeza sekunde kunasaidia: kila sekunde mpya inaleta jozi nyingine zinazokwenda kuurefusha mnazi uleule, ilhali takataka mpya inaendelea kusambaa. Kwa hiyo programu ikishindwa mara ya kwanza, subiri kiitikio au kipande ambacho ala zimejaa. Mazungumzo ya utangulizi na sauti moja tulivu hutoa vilele vichache.

Sasa, kinachoushinda mfumo huu si kile ambacho watu hudhani. Kondakta anaua jozi kwa bahati, hii anaiacha na ile anaiua, na zilizobaki zinatosha. Lakini dijei anayeongeza kasi ya wimbo kwa asilimia 5 anaziua zote kwa pamoja. Nukta iliyokuwa hezi 1,000 sasa iko hezi 1,050. Kama ngazi 1,024 zimegawanya masafa hadi hezi 4,000, kila ngazi ni kama hezi 4, na nukta yetu imehama ngazi 12. Anwani imebadilika, faharasa inafunguliwa kwenye ukurasa usiohusika, na sikio lako wakati huo limesikia wimbo uleule ukiwa umechangamka kidogo. Muziki wa singeli wa Dar es Salaam, unaopenda kuchukua vipande na kuvikimbiza, ni mtihani mgumu wa namna hii. Tepu za zamani nazo zina tatizo hilohilo: ikinakiliwa kwenye mashine inayokimbia kidogo kuliko ile iliyorekodi, wimbo wa bendi ya miaka ya 1970 unapanda kwa sehemu ya noti, na nakala iliyowekwa mtandaoni hailingani na ile iliyomo kwenye faharasa. Ukitaka kulihakikisha hilo, cheza wimbo unaotambulika kwa urahisi, kisha uongeze kasi yake kidogo kwenye simu nyingine na ujaribu tena. Mabadiliko madogo sana yanavumilika. Zaidi ya hapo ni kimya.

Kosa la pili ni la kutaja jina ambalo hukulitarajia. Midundo mingi siku hizi inatengenezwa kwa vipande vilivyonunuliwa au kunyofolewa kwenye nyimbo nyingine. Kipande cha zamani kikiwekwa kwenye wimbo mpya bila kubadilishwa kasi, jozi zake ziko pale pale, na mnazi unaota kwenye wimbo wa zamani. Programu haijakosea kwa kipimo chake. Imekuambia ukweli kuhusu sauti iliyoko hewani. Kwa sababu hiyo hiyo, nyimbo mbili zikichanganywa na kuchezwa pamoja, minazi miwili inaweza kuota, kila mmoja kwenye wimbo wake. Waimbaji tofauti wanaotumia ala zilezile zilizorekodiwa mara moja, kama ilivyo desturi ya Jamaika, nao huweza kuchanganywa.

Na ukiuimba mwenyewe wimbo huo kwenye simu, kwa sauti nzuri na bila kukosea noti, mfumo huu hautakusaidia. Haujui tuni. Hauna popote ulipoandika kwamba sauti ilipanda kisha ikashuka. Unajua nukta za rekodi moja, na koo lako linatoa nukta nyingine. Huduma zinazotambua mtu anayevumisha, kama ile ambayo Google waliianzisha mwaka 2020, zinafanya kazi nyingine kabisa: zinajaribu kuchuja umbo la tuni na kuacha mengine, na majibu yake huja kama orodha yenye asilimia za uwezekano.

Ugumu huo wa kushikilia rekodi moja ulizaa matumizi ambayo hayakuwa yamepangwa. Bendi ikipiga wimbo wake jukwaani, hata kama ni walewale walioupiga studio, mpiga ngoma hawezi kurudia kila pigo kwenye sehemu ileile ya sekunde. Kwa hiyo taarabu ya moja kwa moja ukumbini kwa kawaida haitambuliki, hata kama rekodi yake imo kwenye seva. Wang alilitaja jambo hili katika makala yake akiligeuza upande wa pili: programu ikiutambua wimbo wa msanii aliye mbele yako jukwaani, kuna sauti ya rekodi inayotoka kwenye spika. Wapenda muziki wetu wanaijua habari hiyo kwa jina la pleibeki. Ila usikimbilie kumtangaza mtu mwongo. Wasanii wengi hupanda na ala zilizorekodiwa, wakaimba wao wenyewe juu yake, na ala hizo peke yake zina nukta za kutosha kuuotesha mnazi. Kuhusu koo la msanii, simu yako haijasema lolote.